Maombi yanayoisha muda yenyewe: ukaguzi, kengele au kujifuta, na onyo litoke lini

Chukua saccos yenye mfumo wa mikopo kwenye simu. Mwanachama anaomba mkopo, anataja wadhamini watatu, na kila mdhamini anapelekewa ombi la kukubali au kukataa. Ombi hilo haliwezi kukaa wazi bila kikomo. Muda wote linaposubiri, sehemu ya akiba ya mdhamini inashikiliwa kwa ajili yake, kwa hiyo mtu mwingine akija kumwomba udhamini mfumo unamwambia uwezo umejaa. Isitoshe, sifa za mkopaji zilikokotolewa siku aliyoomba, na wiki tatu baadaye akiba na madeni yake yanaweza kuwa yamebadilika. Ndiyo maana watu huweka kikomo, tuseme saa 72, na kikipita ombi linaisha lenyewe.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Wawili wamekubali, wa tatu alikuwa shambani, ombi limekufa, na mkopaji anarudi mwanzo kabisa. Ukimuuliza yule wa tatu, atakwambia hakujua kama lilikuwa na mwisho.

Kuna njia tatu zinazotumika sana kuujenga mpango huu, na mafundi hubishana kuhusu ipi inafuta ombi kwa usahihi zaidi. Kwa maoni yangu wanabishania upande usio na kazi. Kujua kama ombi limeisha ni kulinganisha saa mbili tu, na hilo unaweza kulifanya wakati wowote mtu anapolifungua. Kinachohitaji mtambo ni onyo, kwa sababu onyo lazima litoke wakati hakuna aliyegusa chochote. Kwa hiyo zipime njia hizi kwa namna zinavyoonya. Suala la kufuta liache mwisho.

Kujifuta

Njia inayovutia kuliko zote ni kuiachia hifadhidata kazi. MongoDB ina faharasa ya aina ya TTL: unaiwekea `expireAfterSeconds` na rekodi inaondoka yenyewe muda ukifika. Redis ina `EXPIRE`. DynamoDB ina TTL yake. Mstari mmoja wa mipangilio, na umemaliza.

Tatizo la kwanza ni kwamba saa ya kufutwa si ile uliyoahidi. MongoDB huendesha kazi yake ya kufuta kila sekunde 60, na seva ikiwa imelemewa inachelewa zaidi. DynamoDB ndiyo ya kuangalia zaidi: wenyewe wanaeleza kwamba kitu kilichoisha muda hufutwa ndani ya siku chache, na kabla hakijafutwa bado kinaonekana ukikisoma. Kwa hiyo hata ukitumia kujifuta, bado utalazimika kulinganisha saa kila unaposoma, la sivyo mdhamini atakubali ombi lililokwisha juzi.

Tatizo la pili ndilo linaloimaliza njia hii kwa matumizi yetu: haina onyo. Hifadhidata inajua kufuta tu. Haijui kusema "bado siku moja". Redis inaweza kutangaza tukio ufunguo unapoisha, na nimeona watu wakijaribu kuligeuza kuwa onyo kwa kuweka ufunguo wa pili unaoisha siku moja kabla. Lakini tukio hilo hutoka pale ufunguo unapofutwa kweli, na si lazima iwe ile sekunde uliyopanga. Pia hutangazwa mara moja tu. Programu yako inayosikiliza ikiwa imezimwa dakika hiyo kwa sababu mnaweka toleo jipya, tangazo limepotea na hakuna wa kulirudia.

La tatu linauma baadaye, kwenye dawati la huduma. Mwanachama anapiga simu kuuliza ombi lake limekwenda wapi, afisa mikopo anatafuta, hakuna kitu. Rekodi imefutika, na sababu imefutika nayo. Kwenye mambo ya fedha za watu huwezi kujibu "labda liliisha muda".

Kujifuta kuna mahali pake: namba za siri za mara moja zinazodumu dakika tano, kikao cha kuingia kwenye akaunti, mkokoteni wa ununuzi alioutelekeza mgeni. Vitu ambavyo hakuna atakayeviulizia.

Kengele kwa kila ombi

Njia ya pili ni kuweka kengele ombi linapozaliwa. Unaiambia foleni ya kazi: niamshe baada ya saa 48 nitume onyo, niamshe tena baada ya saa 72 nilifunge. Sidekiq, Celery, Cloud Tasks na nyinginezo zina uwezo huu. Ni njia sahihi kwa sekunde, na ukiisoma kwenye msimbo inaeleweka haraka kwa sababu maelezo yote ya ombi yapo mahali pamoja.

Shida yake ni kwamba kila foleni ina ukomo wake wa siri, na mara nyingi unaujua siku ya msukosuko. Amazon SQS haicheleweshi ujumbe zaidi ya dakika 15. Cloud Tasks inakubali hadi siku 30 mbele. Celery ikitumia Redis kama foleni ina kitu kinachoitwa `visibility_timeout`, ambacho ukikiacha kama kilivyo ni saa moja. Ukipanga kazi ya saa 48 mbele, baada ya saa moja Redis inaona kazi haijathibitishwa, inampa mfanyakazi mwingine, naye anaishikilia, na saa moja baadaye mwingine tena. Saa 48 zikitimia kazi ile ile inatekelezwa mara nyingi. Mdhamini anapokea onyo moja kwa meseji lukuki, na dalili hiyo ukiiona kwenye kumbukumbu za SMS (nakala zilezile, sekunde ileile), usianze kumlaumu mtoa huduma wa meseji.

Kuna pia suala la kubadilisha muda. Bodi ikiamua wiki hii kwamba muda umeongezwa kutoka saa 72 hadi siku tano, kengele zote zilizokwisha kuwekwa bado zinashikilia saa za zamani. Ama uzitafute moja moja uzifute, ama uandike kila kengele kwa namna ambayo ikiamka inasoma ombi upya: je, bado linasubiri, na je, mwisho wake ni sasa kweli? Ikikuta siyo, inajipanga upya na kulala. Ukishaandika hivyo umefanya vizuri, ila angalia ulichojenga: kengele inayosoma hifadhidata ili kujua la kufanya. Hiyo ni njia ya tatu, tofauti ni kwamba hii ina sehemu nyingi zaidi za kuharibika.

Kengele inashinda pale muda unapokuwa mfupi. Ombi linaloishi dakika kumi, kama vile kiti cha basi kilichoshikiliwa kikisubiri malipo, linahitaji usahihi wa sekunde, na onyo lake linapaswa kuwa saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye skrini ileile. Meseji haiwezi kukimbizana na dakika kumi.

Ukaguzi wa kila dakika chache

Njia ya tatu haina mbwembwe. Ombi lina safu inayoitwa `mwisho`, yenye tarehe na saa. Kila dakika tano kazi moja inaamka (kwa `cron`, au `pg_cron` ikiwa uko ndani ya PostgreSQL), inauliza ni maombi gani yanasubiri na mwisho wake umekaribia, inaandika maonyo yanayodaiwa, inalala.

```sql
INSERT INTO onyo (ombi_id, aina)
SELECT id, 'siku_moja' FROM ombi
WHERE hali = 'linasubiri'
  AND mwisho > now()
  AND mwisho <= now() + interval '24 hours'
ON CONFLICT (ombi_id, aina) DO NOTHING;
```

Jedwali la `onyo` lina masharti kwamba ombi moja haliwezi kuwa na mistari miwili ya aina moja. Ukaguzi ukijirudia, au ukaendeshwa na seva mbili kwa pamoja, mstari wa pili unakataliwa kimya kimya. Kisha kazi nyingine, tofauti kabisa, inachukua mistari ambayo haijatumwa, inaangalia tena kama ombi bado linasubiri, inatuma meseji, inaandika saa ya kutuma. Ikikatika katikati, kati ya kutuma na kuandika, mtu mmoja atapokea meseji mara mbili. Nakubali hilo kuliko upande wa pili, ambapo mtu hapokei kabisa.

Uzuri wake unaonekana siku ya matatizo. Seva ikizimika saa mbili, ikirudi ukaguzi wa kwanza unakuta maombi yote yaliyoingia ndani ya saa 24 za mwisho na kuyaandikia onyo, yamechelewa lakini yamefika. Hakuna kengele iliyopotea kwa sababu hakukuwa na kengele. Muda ukibadilishwa, unasahihisha safu ya `mwisho` na ukaguzi unaofuata unafuata saa mpya.

Hasara ni kuchelewa kwa dakika zisizozidi tano. Na kwa ombi la saa 72, hakuna mdhamini atakayekushtaki kwa dakika tano za onyo. Kwenye kufunga hazihesabiki kabisa, kwa sababu kufunga hakutegemei ukaguzi. Mdhamini anapobonyeza kukubali, msimbo unauliza wenyewe:

```sql
UPDATE ombi SET hali = 'limekubaliwa'
WHERE id = 4417
  AND hali = 'linasubiri'
  AND mwisho > now();
```

Ikirudi kwamba mistari iliyobadilika ni sifuri, muda umepita au ombi limeshajibiwa, na mtu anaambiwa hivyo. Ukaguzi unaoandika `limeisha` unatumia sharti lilelile kwa upande wa pili, `mwisho <= now()`, kwa hiyo wawili hawawezi kushinda wote. Sitaki kuona mfumo unaosoma kwanza, unafikiri, kisha unaandika bila sharti. Kati ya kusoma na kuandika ndipo ombi linapokubaliwa na kuisha kwa wakati mmoja, na mkopaji anapata meseji mbili zinazopingana.

Kwa wanaotaka kuona kwa jicho moja:

| | Kujifuta | Kengele | Ukaguzi |
|---|---|---|---|
| Onyo kabla ya mwisho | Hakuna | Lipo, kwa sekunde | Lipo, kwa dakika chache |
| Seva ikizimika | Hufuta ikirudi, tangazo hupotea | Inategemea foleni | Inajirekebisha |
| Kubadilisha muda | Vigumu | Vigumu kiasi | Rahisi |
| Inafaa kwa | Dakika, bila maswali | Dakika hadi saa | Saa hadi wiki |

Kwa ombi la udhamini, la ruhusa ya likizo, la kukubaliwa kwenye kikundi, la hati inayosubiri sahihi, mimi nachukua ukaguzi bila kusita. Sasa tuje kwenye kilichobaki, ambacho ndicho kigumu.

Mwisho uwe saa ngapi

Saa 72 kamili zinasikika kuwa haki, lakini tazama kinachotokea. Mkopaji anatuma ombi Alhamisi tarehe 4, saa 4:20 usiku, watoto wakishalala. Saa 72 zinaishia Jumapili tarehe 7, saa 4:20 usiku. Onyo la siku moja kabla linatoka Jumamosi saa 4:20 usiku. Nani anashughulikia udhamini wa mkopo saa hiyo? Meseji itasomwa asubuhi katikati ya nyingine kumi, na mwisho wenyewe utapita mtu akiwa kitandani.

Wengi hutatua hili kwa saa za kimya: onyo likiangukia kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, lisogezwe. Kusogeza mbele kuna mtego, maana onyo la saa tatu kabla linaweza kusogezwa hadi likavuka mwisho wenyewe, na mtu anaonywa asubuhi kuhusu kitu kilichokufa usiku. Ukisogeza, sogeza nyuma.

Mimi naona afadhali kuondoa tatizo lenyewe. Hesabu saa 72, kisha sogeza mwisho hadi saa 11 jioni inayofuata. Ombi letu la Alhamisi usiku sasa linaisha Jumatatu tarehe 8 saa 11 jioni. Onyo la siku moja kabla linatoka Jumapili saa 11 jioni, watu wametulia nyumbani. Onyo la mwisho, saa tatu kabla, linatoka Jumatatu saa 8 mchana, baada ya chakula, bado kuna muda wa kumpigia mtu simu. Hata Ijumaa saa hiyo swala imekwisha. Hakuna ombi linalopata chini ya saa 72, na hakuna linalofika 96. Saa za kimya hazihitajiki tena.

Gharama yake ni msongamano: maonyo yote yanataka kutoka saa 11 na saa 8. Kwa saccos ya kawaida si kitu. Lango la SMS likiruhusu meseji 10 kwa sekunde, meseji 600 zinaisha kwa dakika moja. Benki kubwa itabidi iwagawanye watu ndani ya nusu saa.

Seva nyingi huhesabu kwa saa ya UTC, na mtu akiandika 17:00 bila kutaja eneo, mwisho unakuwa saa 2 usiku kwetu. Taja `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi` pale unapokokotoa saa 11 jioni. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, kwa hiyo hiyo ni hesabu ya kuongeza saa tatu tu, lakini mdhamini aliyeko Maskati yuko saa moja mbele, na aliyeko London anakaribia na kusogea mbali kila wanapobadilisha saa zao. Kwa hao andika "saa za Dar" ndani ya ujumbe na uachane nalo.

Usiweke mwisho saa 6 usiku. "Jumapili saa 6 usiku" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Jumapili, kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Jumatatu, na wote wana hoja. "12:00" peke yake nayo ni balaa: wapo watakaosoma adhuhuri na wapo watakaosoma magharibi. Saa 11 jioni ukiiandika pamoja na 17:00 kando yake haina anayeikosea.

Njia ya tatu ya kuhesabu ni siku za kazi. Naipendekeza pale tu anayejibu ni mtumishi: afisa mikopo, kamati, mhasibu. Mdhamini hajibu kama mtumishi, anajibu popote alipo, na Jumamosi ni siku nzuri kuliko Jumatatu. Tena siku za kazi zinadai kalenda ya sikukuu, na kalenda yetu ina Idd, ambayo hutegemea mwezi kuandama. Mfumo unaotangaza Jumatatu kwamba "siku mbili za kazi zimebaki" unaweza kukanushwa na habari za usiku uleule.

Onyo liende kwa nani, na kwa njia gani

Mifumo mingi humwonya mdhamini peke yake. Huo ni upungufu. Mwenye haraka ni mkopaji, na mkopaji ana kitu ambacho mfumo hauna: anaweza kumpigia mdhamini na kusema "kaka, nimekutumia ombi, naomba uliangalie". Onyo la siku moja kabla liende kwa wote wawili. La saa tatu kabla vilevile, na la mkopaji liseme wazi ni nani kati ya watatu hajajibu, na kwamba anaweza kumbadilisha mdhamini huyo bila kupoteza wale wawili waliokubali. Kama mfumo wako hauruhusu kumbadilisha mmoja, rekebisha hilo kwanza kabla ya kuongeza maonyo.

Kuhusu njia, arifa za programu ni za bure lakini simu nyingi huzima programu zinazokaa nyuma ili kutunza chaji, na arifa hufika mtu anapofungua programu mwenyewe, yaani wakati ambao hakuihitaji. Barua pepe kwa wanachama wengi wa saccos ni kisanduku kisichofunguliwa mara kwa mara. WhatsApp inasomwa sana, ila biashara hutuma kwa violezo vilivyoidhinishwa mapema, na bando likiisha hakuna kinachofika. SMS inalipiwa lakini inafika kwenye simu ya tochi. Nikichagua: ombi linapotumwa, arifa na SMS, onyo la siku moja, SMS, onyo la mwisho, SMS. Jumla ni meseji tatu kwa mdhamini asiyejibu, na moja tu kwa anayejibu siku ileile. Zaidi ya hapo watu huanza kuzipuuza zote.

Ujumbe wenyewe unabanwa na nafasi. SMS moja hubeba herufi 160. Huu hapa unatosha:

"JINA anaomba umdhamini mkopo. Kubali au kataa kwenye menyu ya saccos kabla ya Jumatatu tarehe 8 saa 11 jioni (17:00). Usipojibu ataanza upya."

Hizo ni herufi 141 pamoja na nafasi, jina likiwa limehesabiwa kwa herufi nne. Kwa hiyo jina la hadi herufi 23 linaingia bila kuvuka. Nimeacha neno "kesho" makusudi, kwa kuwa simu ikiwa imezimwa Jumapili na kuwashwa Jumatatu, "kesho" itakuwa imemdanganya mtu. Nimeacha kiasi cha mkopo pia, kwa sababu meseji huonekana kwenye kioo cha simu mbele ya watu, na deni la mtu si habari ya mezani. Kiasi atakiona ndani ya menyu baada ya kuweka namba ya siri.

Halafu kuna kitu kidogo kinachokula bajeti bila mtu kujua. Herufi 160 ni kwa alama za kawaida za simu. Alama moja tu isiyokuwemo kwenye orodha hiyo ikiingia, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ukiwa na zaidi ya kimoja. Kiapostrofi kilichonyooka (') kimo. Kile kilichopinda (’), ambacho simu na programu za kuandikia hukiweka zenyewe, hakimo. Sasa fikiria mwanachama ambaye jina lake lina ng’ na lilisajiliwa kwa kiapostrofi kilichopinda. Ujumbe wetu wa herufi 141 kwake unakuwa vipande vitatu, na unalipia mara tatu. Badilisha kiapostrofi kabla ya kutuma, mstari mmoja wa msimbo, na ukague pia nukuu zilizopinda na vistari virefu.

Ombi lisife bila kuonywa

Kuna sharti moja ninaloliona la lazima na ambalo mifumo michache inalo: ombi lisiishe kama onyo lake halikutoka. Lango la SMS likiwa limekufa tangu Jumapili hadi Jumatatu usiku, ukaguzi ukiona ombi limefika mwisho na mstari wake wa `onyo` hauna saa ya kutumwa, usilifunge. Usogeze `mwisho` hadi saa 11 jioni ya kesho yake na uandike sababu. Mwanachama hapaswi kubeba gharama ya hitilafu yenu. Lakini weka kikomo cha kusogeza mara mbili, la sivyo namba ya simu iliyokufa itaweka ombi hai mwezi mzima na akiba ya mdhamini itaendelea kushikiliwa.

"Imetumwa" na "imefika" ni vitu viwili. Watoa huduma wengi hurudisha taarifa ya kufika, na inafaa kuihifadhi. Kama ya mdhamini haijarudi hadi onyo la mwisho, mwambie mkopaji: "Meseji kwa mdhamini wako haijathibitishwa kufika, mpigie." Sentensi hiyo moja huokoa maombi mengi kuliko onyo la nne.

Ukitaka kujua kama mpango wako unafanya kazi, hesabu mambo matatu kila wiki. Maombi yaliyoisha bila onyo lililotumwa: hayo yawe sifuri, na yakiwa moja tafuta kwa nini. Mistari ya `onyo` iliyokaa zaidi ya dakika 15 bila kutumwa: hiyo inakuambia mtumaji amekwama. La tatu watu hulisahau, nalo ndilo lenye maana zaidi: ni mara ngapi mtu amebonyeza kukubali na mistari iliyobadilika ikawa sifuri kwa sababu muda umepita. Andika kila tukio la namna hiyo pamoja na saa alizochelewa. Hao ni wadhamini waliotaka kusaidia. Wengi wao wakiwa wamechelewa kwa saa moja au mbili, onyo lako la mwisho linatoka kwa kuchelewa. Wakiwa wamechelewa kwa siku mbili, saa 72 ni chache kwa wanachama wako, na hakuna onyo litakaloziba hilo.